Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya Mombasa: kadi ya mume asiachiwe mke peke yake

Kwenu Mheshimiwa Gavana, Waziri wa Afya wa kaunti, maafisa wa afya ya uzazi na waheshimiwa wote mnaokaa kwenye kamati ya afya ya bunge la kaunti,

Salaam kwenu. Mi ni nesi mkunga, kazi yangu iko ng'ambo ya feri upande wa Likoni, jina la kituo nimeliacha kwa sababu shida ninayoileta si ya kituo kimoja na sitaki mwenzangu yeyote aitwe ofisini kwa ajili ya barua hii.

Nataka kuwaambia habari ya kikaratasi kimoja, ndiyo hio kadi ya mume. Ni kidogo, kinatosha kwenye kiganja, kimeandikwa tarehe, namba na herufi chache ambazo mtu asiyesomea hawezi kuzijua. Mama akija kwetu tukimpata na ugonjwa wa zinaa tunampa dawa zake alafu tunampa hicho kikaratasi tunamwambia, mpe baba watoto aje na yeye atibiwe. Basi. Hapo kazi yetu imeisha na kazi yake imeanza, na kwa miaka niliyokaa kwenye kile chumba nimeona wanaume wachache mno wakiingia mlangoni wakiwa wamekishika.

Kuna mama mmoja wa Mtongwe, ana miaka 27, watoto wawili, mumewe ni fundi wa friji. Ameniruhusu nimseme bila kumtaja. Alikuja mara ya kwanza Januari akilalamika tumbo la chini linamvuta na mkojo unamuuma kidogo, akaambiwa ni UTI akapewa sipro. Februari akarudi, majimaji ukeni yamebadilika rangi, akapewa flajili na ya fangasi. Mei akarudi tena, saa hii akasema akilala na mumewe anaumia ndani na baadaye anaona tone la damu kwenye nguo. Nyumbani mamake mkubwa alishamwambia ni chango na alishamchemshia mizizi wiki mbili. Mi simlaumu yule bi mkubwa, kwetu pwani kila kinachovuta chini ya kitovu cha mwanamke ni chango, na tukisema ukweli sisi wa hospitali hatukufanya bora kuliko yeye, maana na sisi tulikuwa twakisia.

Twakisia kwa sababu hivo ndivyo tulivyofundishwa. Mtu anakuja na dalili, unaangalia dalili iko kundi gani, unatoa dawa za kundi hilo, hakuna kipimo. Kwa mwanamume inaenda vizuri kiasi, maana kisonono kikimshika usaha unatoka na unaonekana, siku mbili hadi saba tangu alale na mtu mwenye nacho. Kwa mwanamke mambo hayako hivo. Klamidia na kisonono humkalia kwenye mlango wa kizazi, ndani kabisa, mahali ambapo hapaumi na hapaonekani, na wanawake wengi wenye klamidia hawasikii kitu chochote, na wenye kisonono karibu nusu nao hawasikii. Alafu hayo majimaji yanayowaleta kwetu mara nyingi ni vitu vingine, fangasi, au bakteria wa kawaida wa ukeni waliopoteza mizani, au trikomona. Kwa hivo tunafanya makosa mawili kwa mpigo, tunamtibu klamidia asiye nayo kwa sababu ana majimaji, na aliye nayo tunampita kwenye benchi la uzazi wa mpango akisubiri sindano yake ya miezi 3 kwa sababu hana la kulalamika.

Yule mama wa Mtongwe alikuja kujua mwezi wa Juni, na si kwetu. Daktari wa binafsi alimwandikia kipimo, bei aliyotajiwa maabara ilikuwa zaidi ya kodi ya chumba anachoishi, akatoa pesa ya chama. Akachukua swabu mwenyewe, jibu likarudi, yote mawili yako. Kisonono na klamidia pamoja, jambo la kawaida sana.

Waheshimiwa, hapo kwenye swabu naomba mtulie nami kidogo. Watu wanadhani kumpima mwanamke haya magonjwa ni lazima alale kitandani apanuliwe kwa kile chuma, na wanawake wetu wengi wakisikia hivo hawaji, haswa nesi akiwa mwanamume. Si lazima. Mama anapewa kijiti chenye pamba laini, anaingia chooni anafunga mlango, anakiingiza ukeni kama sentimita 5 hivi, hakifiki popote pa kuumiza, anakizungusha taratibu nusu dakika hivi, anakitia kwenye kichupa chenye maji yake ya kuhifadhia, anavunja kijiti pale penye alama, anafunga kifuniko. Dakika mbili. Na swabu aliyojichukulia mwenyewe inatoa jibu sawa na ile aliyochukuliwa na daktari, hili limepimwa nchi nyingi na Shirika la Afya Duniani linakubali mtu ajichukulie mwenyewe. Kwa mwanamke ni bora hata kuliko mkojo.

Na mashine ya kusoma hio swabu tunayo. Ni ileile GeneXpert tunayopelekea makohozi ya kifua kikuu. Inatiwa kikopo, kikopo cha kifua kikuu kinasoma kifua kikuu, kikopo cha klamidia na kisonono kinasoma hayo mawili kwa pamoja, jibu baada ya saa moja na nusu hivi. Tunachokosa ni vikopo. Najua mtaniambia mashine zina foleni, ni kweli, nyingi zina nafasi nne tu, kila nafasi inafanya sampuli moja kwa wakati, kwa hivo siku nzima ya kazi hata ukienda mbio hufiki ishirini na tano, na sitaki mgonjwa wa kifua asukumwe kando. Lakini swabu ikiwa ndani ya kichupa chake inakaa siku kadhaa haijaharibika. Boda anayebeba makohozi asubuhi anaweza kubeba na swabu, maabara wakazisoma mchana makohozi yakiisha, jibu likatumwa kwa simu kesho yake. Sio lazima tupime Mombasa nzima. Anzeni na kina mama wa kliniki ya wajawazito, ambao tayari tunawatoa damu kupima Ukimwi na kaswende siku ya kwanza na haya mawili hatuyagusi, na wasichana wa chini ya miaka 25 wanaokuja kwa uzazi wa mpango, maana mlango wa kizazi wa msichana bado mchanga na klamidia inaupenda.

Nirudi kwa mama yetu. Alikuja kwangu na lile jibu, nikamchoma sindano ya seftriaksoni kwa ajili ya kisonono, mara moja imetosha, na ya klamidia nikampa doksi miligramu 100 asubuhi na jioni siku 7, ameze na maji mengi na asilale hapohapo maana ile dawa ikikwama kooni inachoma. Nilimuuliza kwanza kama ana mimba, kwa sababu mjamzito hapewi doksi, anapewa azithromaisini gramu 1 ameze mara moja. Na ile sipro ya Januari haikumfaa lolote. Kisonono cha siku hizi kimeizoea sipro, hapa kwetu na dunia nzima, lakini ingia famasi yoyote kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea useme unatokwa na usaha uone utapewa nini. Nawaomba hili mlisimamie, barua moja kutoka kwenu kwa wenye maduka ya dawa inaweza kufanya kazi.

Nikamwambia asilale na mumewe siku zote 7 na mpaka mume naye atibiwe na amalize siku zake. Aliniangalia tu. Nikampa kikaratasi, akakikunja mara nne akakitia ndani ya kifuko cha simu.

Septemba, miezi mitatu baadaye, nikampima tena, manesi tulimchangia. Tulingoja miezi mitatu kwa sababu mbili. Ukipima mapema, wiki mbili tatu baada ya dawa, mashine inaweza kuokota mabaki ya mdudu aliyekufa ikakwambia bado yuko. Na pili ni kwamba ukipima baada ya miezi mitatu ndio unamkamata aliyeambukizwa upya, nao ni wengi. Jibu likarudi yote mawili yako.

Nikafunga mlango nikamuuliza, mamangu, kile kikaratasi ulimpa mumeo? Akakitoa kwenye kifuko cha simu, kilekile, mikunjo minne ileile, pembe zimeanza kuchanika. Akaniambia, "Sista, nimpe nimwambie nini? Mimi ndiye niliyepimwa, mimi ndiye niliyepatikana. Nikimpa hii atasema mimi ndiye niliyeileta." Siku ya nne ya dawa mume alimtaka na hakuwa na la kumwambia.

Hio ndiyo sentensi nataka muibebe kwenye kikao chenu. Mwanamke ndiye anayekuja kliniki, kwa mimba, kwa mtoto, kwa uzazi wa mpango, kwa hivo yeye ndiye anayejulikana kwanza, na anayejulikana kwanza nyumbani ndiye anayeonekana mkosaji. Tukampa karatasi tukamtuma akajishtaki.

Nilimuuliza kitu ambacho nilipaswa kumuuliza Juni: ukirudi nyumbani na habari hii uko salama? Akasema hapigwi, ila anaogopa kurudishwa kwao. Tukakubaliana mi nipige simu, yeye akiwa hapo, na maneno tukayapanga pamoja kabla. Nikampigia yule bwana nikamwambia napiga kutoka kituo cha afya, kuna mtu wake wa karibu amepatikana na maambukizi yanayotibika, siwezi kutaja jina la mtu, hata yeye akija jina lake sitalitaja kwa mwingine, dawa ni bure na haichukui hata saa. Akanyamaza. Alafu akauliza, "Ni Ukimwi?" Nikamwambia la, hii yatibika ikaisha. Akaja siku ya pili na sare yake ya kazi.

Jambo la kwanza aliloniuliza ndilo lile mke aliloliogopa. "Nani aliyeleta?" Nikamjibu, "Kaka, hichi kipimo chaonyesha mdudu yuko, hakionyeshi alikuja lini wala alitoka kwa nani." Na si kwamba nilikuwa namfunika mtu, ndio ukweli wa huu ugonjwa, klamidia inaweza kukaa mwilini zaidi ya mwaka haijatoa ishara, kwa mke na kwa mume pia, mtu anaweza kuwa ameingia nayo kwenye ndoa. Akakaa kimya tena, alafu yeye mwenyewe akasema mwishoni mwa mwaka uliopita alitokwa na usaha, akanunua vidonge dukani, ukakauka akajua amepona. Kukauka si kupona. Nikamchoma, nikampa doksi zake, nikamuuliza siku 60 zilizopita kuna mwingine yeyote wa kupigiwa? Akanipa namba moja. Huyo naye alikuja, akaonekana hana dalili yoyote, kipimo hatukuwa nacho, tukamtibu hivohivo, na ndio inavyotakiwa kwa mtu aliyelala na mwenye ugonjwa, hungoji dalili.

Simu moja, kutoka kwa credit yangu mwenyewe, ilileta watu wawili ambao kikaratasi kiliwakosa miezi mitatu.

Kwa upande wa Ukimwi kazi hii tunaifanya tayari na tunaifanya vizuri. Akipatikana mtu na virusi kuna mhudumu aliyesomea anakaa naye, anaandika wenza wake kwa hiari yake, anaamua naye nani atampigia, na kabla ya yote anauliza habari ya kupigwa. Hata vifaa vya kujipima Ukimwi tunawapa wajawazito wawapelekee waume zao nyumbani. Kwa hivo msiniambie mambo haya hayawezekani kwa mila zetu za hapa pwani. Mhudumu ni yuleyule, chumba ni kilekile, simu ni ileile. Kinachotakiwa ni kauli yenu kwamba klamidia na kisonono navyo viingie kwenye kazi yake, na pesa ya credit.

Na kwa mume asiyekuja kabisa, ruhusuni mke abebe dawa zake. Marekani wakubwa wao wa afya wameikubali njia hio tangu 2006. Ina mipaka na naisema waziwazi. Sindano haibebwi kwenye mkoba, kwa kisonono itabidi iwe kidonge cha sefiksimu pamoja na doksi, na sindano ni bora, haswa kama mdudu yuko kooni. Lazima pakiti iwe na maandishi ya Kiswahili yanayouliza kama anadhurika na dawa za aina hio na kumwambia akiwa na homa au korodani imevimba aje hospitali asijitibu. Na mama aliyesema anaogopa kupigwa hapewi pakiti, mumewe ndiye wa kupigiwa simu mama akikubali, au mama aachwe apange mwenyewe.

Januari tulimpima yule mama mara ya tatu. Safi. Tulifurahi mpaka tukakumbatiana.

Aprili, siku zake zikachelewa wiki mbili na akajua ana mimba, akafurahi. Usiku mmoja maumivu yakamkamata kushoto chini, makali, alafu akasema kitu ambacho mumewe hakukielewa, kwamba ncha ya bega inamuuma. Akisimama anaona giza. Mume akampeleka kwa tuktuk mpaka feri, wakavuka naye amelala kwenye kiti cha nyuma. Bega linauma kwa sababu damu imejaa tumboni ikapanda hadi chini ya mapafu, huko ndiko inakochoma na bega ndilo linalosikia. Kipimo cha mimba kikasema ipo, picha ikaonyesha kizazi kitupu na damu nje yake. Mimba ilikuwa imejishikiza kwenye mrija na mrija umepasuka. Walimfungua usiku huohuo, wakatoa mrija wa kushoto, akaongezwa damu.

Dawa ilikuwa imeua wadudu, hilo kipimo cha Januari kilisema kweli. Lakini ndani ya mrija wa uzazi kuna vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma yai polepole mpaka kizazini, na wadudu wakikaa pale miezi, vile vinyweleo vinakufa na kuta zinashikana makovu. Dawa haifufui kinyweleo. Yai linafika katikati linakwama. Kwa wengine mirija yote miwili inaziba na hakuna mimba tena, na kwa wengine yanabaki maumivu ya miaka, hayo yanayoitwa chango. Mtoto naye akipita kwenye njia ya uzazi yenye kisonono anaweza kupata usaha machoni siku chache tu baada ya kuzaliwa, na usipotibiwa upesi unaharibu jicho. Ndio sababu sisi wakunga tunapaka dawa ya macho mara tu mtoto akitoka.

Kutoka Januari ya kwanza hadi Septemba ni miezi minane. Daktari aliyemfungua alisema mrija wa kulia nao una makovu, haujaziba. Bado wana matumaini. Nami nimemwandikia kwenye kadi yake kwa kalamu nyekundu kwamba akikosa siku zake tu, hata kwa wiki moja, aje apigwe picha tujue mimba imekaa wapi.

Hesabu basi wenyewe, gari la wagonjwa ambalo halikupatikana, chumba cha upasuaji usiku wa manane, damu ya kuongezewa, siku za kitandani, na upande wa pili kikopo kimoja cha mashine na dakika tano za simu.

Nimeshaandika ombi la vikopo mara mbili kwa njia ya kawaida na sijajibiwa, ndio maana leo nimeandika hadharani. Naomba jibu la maswali matatu tu. Vikopo vya klamidia na kisonono vitaingia lini kwenye oda ya kaunti na vitaanzia vituo vipi? Mhudumu wa wenza wa Ukimwi ataruhusiwa lini kushughulika na wenza wa magonjwa haya mawili? Na pakiti ya dawa ya mume, nani kati yenu ndiye wa kutia sahihi? Niko kazini kila siku isipokuwa Jumapili, yeyote anayetaka kuja kuona chumba chenyewe na aje, vile vikaratasi viko kwenye droo, bado vipo vingi.

Wenu,
Nesi mkunga, Likoni